SBAR, mifumo ya mwili au mchakato wa uuguzi: umwasilishe vipi mgonjwa wako kwenye raundi ya wodi?

Mwanafunzi wa uuguzi anayeambiwa "kesho utamwasilisha mgonjwa wa kitanda namba 7" anajikuta na faili nene na miundo mitatu aliyofundishwa na walimu tofauti. Mmoja alimfundisha SBAR. Mwingine alitaka aanzie kichwani na kuishia miguuni, mfumo kwa mfumo. Wa tatu hapokei uwasilishaji usiofuata hatua za mchakato wa uuguzi. Miundo yote mitatu ni halali na yote inatumika wodini. Hapa nitamchukua mgonjwa mmoja nimpitishe katika yote mitatu, ili usikie kila muundo unasema nini juu yake na unanyamazia nini.

## Tunapima nini

Kigezo ninachokiweka mbele ni msikilizaji na kitendo. Ukishamaliza kusema, nani anatakiwa kufanya nini? Daktari anayetakiwa kubadilisha dozi ndani ya saa moja anahitaji maneno tofauti na mwalimu anayetaka kujua kama umeelewa huduma ya mgonjwa huyo.

Cha pili ni muda. Raundi yenye wagonjwa wengi inakupa dakika moja au mbili kwa kila kitanda, lakini raundi ya kufundishia inaweza kukupa robo saa.

Cha tatu ni kile ambacho muundo unakivuta mbele na kile unachokisukuma nyuma, kwa sababu hakuna muundo unaobeba kila kitu kwa uzito uleule. Na cha nne ni namna unavyoharibika ukiwa mikononi mwa mtu mwenye hofu. Mwanafunzi anayetetemeka hakosei ovyo. Kila muundo una kosa lake ambalo ukilijua mapema utaliona linakuja.

## Mgonjwa wa mfano

Ni mwanamume wa miaka 62 ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ya kutosha. Yuko siku ya nne tangu alazwe. Alikuja miguu ikiwa imevimba hadi magotini, hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Anapewa furosemaidi miligramu 80 kwa mshipa mara mbili kwa siku, na dozi inayofuata ni saa nne asubuhi. Raundi inaanza saa tatu.

Uzito wake siku ya kulazwa ulikuwa kilo 78.0, jana kilo 74.7 na leo kilo 72.6. Kwa saa 24 zilizopita amekunywa mililita 1,250 na kukojoa mililita 3,400. Akiwa amelala presha yake ni 112/70 na mapigo 84 kwa dakika. Baada ya kusimama dakika 3 presha ni 88/58, mapigo 106, na anasema kichwa kinamzunguka. Anapumua mara 18 kwa dakika, oksijeni ni asilimia 95 bila msaada wa mashine, joto 36.7. Potasiamu ya jana ilikuwa milimoli 3.3 kwa lita, chini ya kiwango cha chini cha kawaida cha 3.5. Uvimbe wa miguu umebaki kwenye vifundo tu.

Kabla hujachagua muundo wowote, hakikisha namba zako zinapatana zenyewe. Lita moja ya maji ina uzito wa takriban kilo moja. Mgonjwa huyu ametoa mililita 2,150 zaidi ya alizoingiza, na uzito umeshuka kilo 2.1, kwa hiyo chati ya maji na mizani vinasema jambo moja. Kama chati ingeonyesha ametoa mililita 800 tu huku uzito umeshuka kilo mbili, ungejua kuna mkojo uliokwenda chooni bila kupimwa, au mizani imebadilishwa, au mara moja alipimwa na nguo nzito. Tofauti kama hiyo itafute kabla ya raundi, maana ndiyo swali la kwanza utakaloulizwa.

Presha ya kusimama nayo haipatikani kwenye faili. Lazima uipime mwenyewe: mgonjwa alale dakika 5, upime, umsimamishe ukiwa karibu naye, upime tena ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ni kushuka kwa presha kunakotokana na kusimama. Ya mgonjwa wetu imeshuka kwa 24 na 12. Akizidiwa na kizunguzungu kabla ya dakika 3 kuisha, mlaze, kisha andika alivumilia muda gani.

## SBAR

Herufi hizi nne zinasimamia hatua nne: hali ya sasa, usuli, tathmini na pendekezo. Muundo huu ulitokana na mawasiliano ya nyambizi za nyuklia za jeshi la majini la Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaingizwa hospitalini na taasisi ya Kaiser Permanente kule Colorado. Asili hiyo inaeleza tabia yake: ulikusudiwa mtu wa cheo cha chini aweze kumweleza wa cheo cha juu jambo la hatari kwa maneno machache, na aruhusiwe kusema anachodhani kifanyike.

Unavyosikika. Mgonjwa wetu angewasilishwa hivi:

"Daktari, huyu ni mgonjwa wa kitanda namba 7, miaka 62, siku ya nne. Nina wasiwasi kwa sababu presha yake inashuka kutoka 112/70 hadi 88/58 akisimama, na anapata kizunguzungu. Alilazwa kwa moyo kushindwa, anapata furosemaidi miligramu 80 kwa mshipa mara mbili kwa siku. Jana ametoa maji mililita 2,150 zaidi ya aliyoingiza, uzito umeshuka kilo 2.1 kwa siku moja na kilo 5.4 tangu alazwe. Potasiamu ya jana ilikuwa 3.3, ya leo haijapimwa. Kifua kimetulia, oksijeni 95. Nadhani sasa anapoteza maji kwa kasi kuliko anavyoweza kuvumilia. Naomba dozi ya saa nne ipitiwe kabla sijaiandaa, na apimwe potasiamu na kriatinini leo. Kwa sasa nimemwambia asisimame bila msaada."

Muda na msikilizaji. Ukisoma maneno hayo kwa sauti, bila haraka, hayafiki dakika moja na nusu. Msikilizaji anayefaidika ni yule mwenye mamlaka ya kubadilisha dawa, na tangu sentensi ya pili anajua kwa nini anasikiliza.

Unachotoa na unachoacha. Unatoa tatizo moja lililo na haraka pamoja na ombi lenye saa. Unaacha kila kisichohusiana na tatizo hilo: ngozi ya mgonjwa, usingizi wake, na sababu iliyomfanya arudi hospitalini. Hayo hayakosi umuhimu, ila muundo huu hauna chumba chake. Ukijaribu kuyasukumia kwenye usuli, unauua muundo wenyewe.

Unavyoharibika. Kosa la kwanza ni usuli unaofura. Mwanafunzi anaanza na shinikizo la damu la miaka kumi iliyopita na upasuaji wa ngiri, na daktari anaanza kufungua faili mwenyewe. Ukiona hivyo, ujue umempoteza. Kosa la pili ni kubwa zaidi, na linatokana na adabu: mwanafunzi anafika kwenye tathmini kisha ananyamaza, au anasema "sijui, daktari ataona." Huruhusiwi kutoa utambuzi wa kitabibu, lakini unaruhusiwa kusema unachokiona na mwelekeo wake. "Nadhani anapoteza maji kupita kiasi" ni kauli ya muuguzi. Hata "sina uhakika chanzo ni nini, ila hali yake inazidi kushuka tangu alfajiri" ni tathmini inayokubalika. Na pendekezo lisiishie kwenye "naomba umwangalie." Sema aangaliwe nini, na kabla ya saa ngapi.

Unamfaa nani. Mwanafunzi aliye kwenye raundi ya kazi, mwenye tatizo moja linalohitaji uamuzi leo. Haumfai anayetaka kuonyesha picha nzima ya mgonjwa, wala mgonjwa ambaye hana jambo jipya. SBAR ya mgonjwa aliyetulia hugeuka kutafuta dharura isiyokuwepo.

Na kama presha ile ya 88 ingekuwa ya mgonjwa aliyelala, mwenye jasho na aliyechanganyikiwa, raundi isingesubiriwa. Ungetoa SBAR hiyohiyo palepale.

## Mfumo kwa mfumo, kichwa hadi miguu

Muundo huu unafuata mwili: fahamu na neva, upumuaji, moyo na mzunguko wa damu, tumbo na lishe, mkojo na maji, ngozi, mwendo, kisha hali ya akili na hisia. Wodi nyingine hubadilisha mpangilio kidogo. Kinachohitajika ni kuuchagua mmoja na kuufuata kila mara, ili mfumo uliorukwa ujitokeze wenyewe.

Unavyosikika. Sitauandika wote hapa, ila sehemu yake ya kati ingekuwa hivi:

"Upumuaji: anapumua mara 18 kwa dakika, oksijeni 95 bila msaada, halali tena kwa mito mitatu, jana alilala kwa mto mmoja. Moyo na mzunguko: presha akiwa amelala 112/70, akisimama 88/58 na kizunguzungu, mapigo yanapanda kutoka 84 hadi 106, uvimbe umebaki vifundoni. Tumbo na lishe: amekula nusu ya chakula cha asubuhi, choo cha mwisho juzi. Mkojo na maji: ameingiza 1,250, ametoa 3,400, uzito 72.6 kutoka 74.7. Ngozi: juu ya mfupa wa kiunoni kwa nyuma, karibu na makalio, kuna eneo la upana wa sentimita 3, ngozi haijachanika, rangi haibadiliki nikibonyeza, lina joto kuliko ngozi ya pembeni na anasema linauma."

Muda na msikilizaji. Dakika nne hadi sita kwa mtu aliyejiandaa, na zaidi kwa asiyejiandaa. Unamfaa mwalimu anayepima uchunguzi wako, timu inayomwona mgonjwa kwa mara ya kwanza, na wodi ya wagonjwa mahututi ambako viungo kadhaa huwa vina matatizo kwa pamoja.

Unachotoa na unachoacha. Tazama kilichojitokeza hapo: kidonda cha mgandamizo hatua ya kwanza. SBAR yetu haikukitaja, na isingekitaja kamwe, kwa sababu haikuuliza habari za ngozi. Muundo huu umekuulizia, ukalazimika kumgeuza mgonjwa na kutazama. Mtu aliyekaa siku tatu ameegemea mito kwa sababu hawezi kulala chali ana uzito wote juu ya mfupa uleule, kwa hiyo kukuta jeraha pale si ajabu.

Nitasimama hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo taarifa nyingi za ngozi hukosewa. Vitabu vingi hueleza hatua ya kwanza kwa wekundu usiopotea ukibonyezwa kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Tafuta sehemu iliyobadilika rangi ikilinganishwa na jirani yake, mara nyingi ikielekea zambarau au weusi zaidi, kisha weka mgongo wa mkono wako: je, ni pa moto au pa baridi kuliko pembeni, ni pagumu au panabonyea kuliko pembeni, panauma? Mwanafunzi anayesubiri wekundu ataandika "ngozi nzima" juu ya ngozi ambayo tayari imeanza kuumia kwa ndani.

Kinachosukumwa nyuma na muundo huu ni haraka. Presha ya 88 imetajwa katikati ya orodha, kwa sauti ileile iliyotaja choo cha juzi. Daktari aliyechoka anaweza kuipita.

Unavyoharibika. Neno "kawaida" ndilo hatari yake. "Ngozi kawaida, tumbo kawaida, neva kawaida" linatamkika hata na mtu ambaye hakugusa kitu. Njia rahisi ya kulidhibiti ni kubadilisha kila "kawaida" kuwa kitu ulichokiona au ulichokipima: "anajibu maswali yote, anajua yuko wapi na leo ni siku gani." Ukishindwa kubadilisha, hukukagua. Rudi kitandani.

Kosa jingine ni kutaja kila kisichokuwepo. Taja ukosefu pale unapohusu ugonjwa wake. Kwa mgonjwa huyu, kutokuwa na maumivu ya kifua na kutochanganyikiwa kunabadilisha uamuzi wa timu. Kutokuwa na maumivu ya sikio hakubadilishi chochote.

Unamfaa nani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejenga mazoea ya kuchunguza, na yeyote mwenye mgonjwa mpya au mwenye matatizo mengi. Ukiutumia kwenye raundi ya kazi, tanguliza sentensi moja: "Jambo kuu la leo ni presha kushuka anaposimama, nitalieleza kwenye mzunguko wa damu." Sentensi hiyo inaziba tundu kubwa la muundo huu bila kuubomoa.

## Mchakato wa uuguzi

Hatua zake ni tano: kukusanya taarifa, utambuzi wa kiuguzi, kupanga, kutekeleza na kupima matokeo. Tofauti yake na miundo miwili iliyotangulia ni swali unalolijibu. Ile inajibu mgonjwa ana nini. Huu unajibu muuguzi anafanya nini, kwa nini, na atajuaje kama imefaa.

Unavyosikika. Uti wa mgongo wake ni sentensi ya utambuzi wa kiuguzi, ambayo kwa tatizo lililopo huwa na sehemu tatu: tatizo, chanzo na ushahidi. Kwa mgonjwa wetu:

"Upungufu wa maji mwilini, unaotokana na dawa ya kuongeza mkojo, unaothibitishwa na presha kushuka kutoka 112/70 hadi 88/58 anaposimama, mapigo kupanda hadi 106, na uzito kushuka kilo 2.1 kwa siku moja."

Tatizo ambalo bado halijatokea lina sehemu mbili tu, kwa sababu ushahidi wake haupo: "Hatari ya kuanguka, inayotokana na kizunguzungu anaposimama na kwenda chooni mara kwa mara." Mwanafunzi anayeongeza "inayothibitishwa na" kwenye hatari ameshasema kwamba mgonjwa ameanguka.

Lengo linafuata, na liwe la kupimika: "Kabla ya saa nane mchana, atasimama dakika 3 bila kizunguzungu, na presha ya juu haitashuka kwa 20 au zaidi." Kisha utekelezaji: chombo cha mkojo karibu na kitanda, kukaa ukingoni kabla ya kusimama, kupima presha kila baada ya saa mbili, kumgeuza kila baada ya saa mbili na kuondoa mgandamizo kwenye lile eneo la kiunoni, kumjulisha daktari kabla ya dozi ya saa nne. Mwisho unarudi kwenye lengo saa nane na kusema lilifikiwa, lilifikiwa nusu, au halikufikiwa.

Muda na msikilizaji. Dakika kumi hadi kumi na tano. Msikilizaji wake ni mwalimu, msimamizi wa wodi, na wauguzi watakaopokea zamu. Daktari aliye mbioni atakukatiza kabla hujafika kwenye malengo, na kwa haki, kwa sababu uamuzi wake ungekuwa umecheleweshwa.

Unachotoa na unachoacha. Hatua ya kukusanya taarifa inakutaka uzungumze na mgonjwa juu ya maisha yake, wala usiishie kumpima. Ndipo linapotoka jambo ambalo miundo ile miwili haikuligusa. Mgonjwa wetu anaeleza kwamba nyumbani aliacha vidonge vya maji wiki tatu kabla ya kulazwa. Alikuwa akivimeza jioni, anaamka mara nne usiku kwenda kukojoa gizani, akaogopa kuanguka. Aliona bora aviache.

Hapo kuna utambuzi mwingine wa kiuguzi: kutofuata matibabu, kunakotokana na kutojua saa inayofaa kumeza dawa, kunakothibitishwa na maelezo yake mwenyewe. Lengo lake: kabla ya kuruhusiwa, aeleze kwa maneno yake kwamba dawa hiyo humezwa asubuhi, kwamba atajipima uzito kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, na kwamba akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 atarudi kituoni bila kungoja miguu ivimbe. Dozi ikirekebishwa leo, kizunguzungu kitaisha. Lakini akirudi nyumbani na mazoea yaleyale, atalazwa tena. Naona hii ni kazi ya muuguzi ambayo hakuna mwingine kwenye raundi aliyejiandaa kuifanya.

Unavyoharibika. Mara nyingi kwa kuandika ugonjwa mahali pa utambuzi wa kiuguzi. "Moyo kushindwa" ni utambuzi wa daktari. Muuguzi hauondoi kwa hatua zake. Jaribu swali hili: je, ninaweza kulipunguza tatizo hili kwa kitu ninachoruhusiwa kufanya? Kama jibu ni hapana, bado hujafika.

Kosa la pili ni matatizo saba yaliyoorodheshwa bila mpangilio, huku wasiwasi ukitangulia upungufu wa maji. Chagua mawili au matatu, na anza na lile linaloweza kumdhuru leo. Kosa la tatu linajificha mwishoni: "mgonjwa anaendelea vizuri." Kauli hiyo haipimi lengo lolote. Rudia namba ya lengo lako na uweke namba ya sasa kando yake.

Unamfaa nani. Mwanafunzi anayewasilisha darasani au kwenye raundi ya wauguzi, mwenye mgonjwa atakayemhudumia kwa siku kadhaa. Unamchosha anayetakiwa kusema neno moja muhimu kabla ya saa nne.

## Yasiyobadilika, hata uchague upi

Sentensi ya kwanza ni ileile: kitanda, umri, jinsia, siku ya ngapi tangu alazwe, amelazwa kwa nini, na jambo kuu la leo. Ukiisahau miundo yote kwa hofu, sentensi hiyo peke yake inaipa timu pa kuanzia.

Mgonjwa naye anasikia. Mfikie kabla ya raundi umwambie, "Baba, nitaeleza hali yako mbele ya timu. Kuna jambo ungependa nisiliseme kwa sauti?" Wakati mwingine atakurekebisha tarehe au dawa. Majibu ya vipimo vya siri, historia ya dawa za kulevya, mambo ya ndoa: hayo yasemwe mbali na kitanda, au yaonyeshwe kwenye faili kwa kidole. Kila dawa itaje kwa jina, dozi na njia, na kila namba iwe na saa yake. Presha ya saa kumi na mbili asubuhi si presha ya sasa.

## Uchague upi, kwa hali yako

Kama raundi ni ya kazi, wagonjwa ni wengi na una jambo linalohitaji uamuzi kabla ya dozi inayofuata, tumia SBAR. Andika pendekezo lako kwanza kwenye karatasi, kisha rudi nyuma ukijiuliza daktari anahitaji kujua nini ili alikubali. Usuli utajipunguza wenyewe.

Kama mgonjwa amelazwa usiku na timu haijamwona, au ana matatizo ya viungo kadhaa, pita mfumo kwa mfumo, ukitanguliza jambo kuu la leo. Kama unaanza mwaka wa kwanza, jiandae kwa muundo huu hata siku utakayowasilisha kwa mwingine. Karatasi yenye mifumo minane na nafasi ya kuandika ndiyo inayokupeleka kugeuza mgonjwa na kutazama ngozi.

Kama unapimwa uelewa wa huduma, au ni makabidhiano ya mgonjwa atakayekaa wodini, mchakato wa uuguzi unakupa nafasi ya kuonyesha ulichofanya na kilichotokea. Uzungumze na mgonjwa kabla hujaandika lengo lolote.

Kama mgonjwa ametulia, hana jambo jipya na anasubiri kuruhusiwa, SBAR itakuwa tupu na mifumo itakuwa mirefu bila faida. Sentensi ya kwanza, mwelekeo wa siku mbili zilizopita, na utambuzi mmoja wa kiuguzi unaohusu kurudi nyumbani vinatosha.

Kama msimamizi wa wodi ana muundo wake, fuata wake. Timu inayosikia taarifa kwa mpangilio mmoja kila siku hugundua kilichokosekana haraka zaidi. Ukiona muundo huo unaacha kitu unachokijua, kama lile eneo la kiunoni kwa mgonjwa wetu, kiseme mwishoni kwa sentensi moja: "Kuna jambo la ngozi halijatajwa." Watakupa nafasi.

Na kama hujui utakutana na raundi ya aina gani, fika wodini saa moja kabla. Kagua mfumo kwa mfumo, andika utambuzi mmoja au wawili wa kiuguzi, kisha weka SBAR ya dakika moja juu ya karatasi. Daktari akiwa na haraka, unasoma ya juu. Mwalimu akisema "endelea," unashuka chini.